Uzi: Nimeigeuza Barabara ya Lumumba kuwa usiku wa neoni ila maji kwenye lami yanaonekana ya uongo, nakosea wapi?

mpigapicha_mwanga · Jumanne saa 3:10 usiku

Wakuu habari za usiku. Naomba macho yenu kwenye hii picha, nimeihangaikia siku 4 na bado kuna kitu hakikai.

Niliipiga Ijumaa saa 1 na dakika 20 jioni hapa Kigoma, Barabara ya Lumumba, nimesimama upande wa stesheni naangalia juu kuelekea Mwanga. Kulia kuna duka la vinywaji lina taa ya tyubu ya bluu juu ya mlango, mbele yake kidogo kuna kinyozi ana maandishi ya LED ya kijani. Kushoto kuna mama anachoma samaki kwenye jiko la mkaa na boda moja imepaki. Mama nilimuomba ruhusa kabla sijapiga na nimeshamuonyesha picha. Faili ni RAW, upana 6000 na urefu 4000.

Sasa huu ni mwezi wa 7, mvua hakuna kabisa, lami ni kavu na ina vumbi. Mimi nataka ule muonekano wa mji usiku mvua imetoka kunyesha, taa zinamwagika barabarani, rangi za zambarau na bluu. Nilichofanya ni kunakili picha nzima, nikaipindua juu chini, nikaishusha chini ya mstari wa duka, nikapunguza Opacity mpaka 50. Halafu nikatia mng'ao, halafu Color Grading, Shadows nikaweka Hue 200 na Highlights Hue 310, Saturation zote 60.

Kila ninayemuonyesha anasema nzuri, halafu anakaa kimya kidogo anasema "ila kama umeibandika". Hakuna anayeniambia ni nini hasa.

---

Kasulu_Finest · saa 3:24 usiku

Mkuu mbona iko poa sana, hapo ni Opacity tu. Shusha mpaka 30 halafu tia ukungu kidogo, rifleksheni ya kweli haiwi kali kama picha yenyewe. Mimi huwa nafanya kwenye simu kwa Snapseed, natia Glamour Glow 80 picha nzima inakuwa kama mji mkubwa, dakika 5 nimemaliza.

---

Mama_Saluni · saa 3:31 usiku

Habari zenu wanangu. Hizo taa za neoni mnazozungumzia zinauzwa wapi hapa Kigoma? Nina saluni yangu Gungu nataka jina liandikwe kwa taa ya waridi iwake usiku, niliulizia kwa mtu akanitajia bei kubwa akasema ni gesi lazima iagizwe. Ni kweli?

---

fundi_wa_picha_Ujiji · saa 3:58 usiku

Mama shikamoo. Hapa kijana anaongelea kuipaka picha rangi ya neoni kwenye kompyuta, siyo kuuza taa. Ila nikujibu maana usije ukalia hela yako: neoni ya gesi ni bomba la kioo linalokunjwa kwa moto na linatumia umeme wa volti nyingi sana. Hizi unazoona madukani siku hizi karibu zote ni LED, ni mkanda wa silikoni unaokunjwa, wa volti 12, fundi yeyote wa mabango anaweza kukutengenezea. Kwa hiyo akikuambia gesi muombe akuonyeshe bomba la kioo.

Kijana wa Mwanga, nimeifungua picha yako kwa ukubwa wake wote. Nitakujibu kwa urefu kwa sababu ulichokosea wanakosea wengi na Opacity haitakusaidia.

Chukua taa ya kinyozi. Kwenye picha yako ile taa ya kijani iko mstari wa 2000 kutoka juu. Ukuta wa kinyozi unagusa barabara kwenye mstari wa 2450. Maana yake taa iko pikseli 450 juu ya mguu wake. Kwenye lami yenye maji rifleksheni yake inatakiwa ianguke pikseli 450 chini ya mguu huohuo, yaani mstari wa 2900. Wewe yako iko mstari wa 3200. Kwa nini? Kwa sababu umepindua picha nzima kwa kutumia mguu wa duka la vinywaji ambao uko mstari wa 2600. Kwa duka umepatia, taa ya bluu iko 1900, ni 700 juu ya mguu, imeanguka 3300, safi kabisa. Ila kinyozi yuko mbali zaidi, mguu wake uko juu zaidi kwenye picha, ukimpindua kwa mguu wa jirani yake anateleza pikseli 300 chini. Mtu anayeangalia hajui kuhesabu lakini jicho lake linajua kwamba ile kijani ya chini siyo ya ile kijani ya juu. Hapo ndipo "umeibandika" inapotokea.

Kila kitu kina mguu wake. Unakata kipande kimojakimoja, duka peke yake, kinyozi peke yake, nguzo peke yake, boda peke yake, kila kimoja unakipindua mahali kinapogusa ardhi.

---

mpigapicha_mwanga · saa 4:07 usiku

Duh. Nimepima sasa hivi ni kweli kabisa, 3200. Siku 4 nahangaika na Opacity.

Swali, lile duka msingi wake umeinuka, kuna ngazi 2 halafu kibaraza. Mguu nauhesabu kwenye kibaraza au barabarani? Kibaraza kinaishia kama 2520.

---

fundi_wa_picha_Ujiji · saa 4:15 usiku

Swali zuri sana hilo. Mguu ni pale ambapo ukuta ungegusa usawa wa MAJI kama ungeendelea kushuka chini. Maji yako barabarani, siyo kwenye kibaraza. Kwa hiyo unashusha ukuta kwa mawazo mpaka usawa wa lami, ndiyo ile 2600 niliyokupa. Ukitumia 2520 taa itaanguka 3140 na duka litaonekana limezama.

Na kitu kingine, kati ya ngazi na lami pale kuna ukanda wa udongo mwekundu. Ule haumeremeti kama lami hata ukiloa, unakuwa tu mweusimweusi na wekundu wake unakolea. Kwa hiyo rifleksheni ya duka ikatike kwenye ule ukanda, ianze tena lami inapoanza. Usiogope kukata, huko kukatika ndiko kunakofanya mtu aamini.

---

Kasulu_Finest · saa 4:21 usiku

Sasa kaka mbona hiyo kazi yote, watu wanaangalia picha kwenye simu sekunde 2 wanapita. Nani atahesabu mistari?

---

fundi_wa_picha_Ujiji · saa 4:29 usiku

Hakuna anayehesabu mdogo wangu, ila yeye mwenyewe kasema kila anayeonyeshwa anakaa kimya kidogo. Ule ukimya ndiyo ninaojibu. Na wewe hujakosea kwenye Opacity, rifleksheni kweli inatakiwa iwe hafifu kuliko taa yenyewe, ila siyo sawasawa kila mahali. Nitaifikia.

---

binti_wa_Bangwe · saa 4:40 usiku

Samahani naingilia. Mimi siyo mtaalamu wa kompyuta ila pale Lumumba napita kila siku naenda kazini, mvua na jua. Nimeiangalia picha kwa muda. Maji hayakai pale. Ule ni mteremko, mvua ikinyesha maji yote yanakimbia kwenda ziwani, yanafuata mitaro, baada ya robo saa lami imelowa inang'aa lakini hakuna bwawa. Wewe umeweka kama kioo kimelala barabara nzima mpaka katikati. Maji yakisimama pale labda kwenye mashimo na pembeni karibu na mtaro ule wa upande wa mama wa samaki, pale kuna shimo nalijua, viatu vyangu vinalijua pia.

---

fundi_wa_picha_Ujiji · saa 4:52 usiku

Dada umemaliza kila kitu, hilo mimi sikuliona na ndilo kubwa kuliko la mistari.

Barabara ya lami inajengwa ikiwa na mgongo katikati, pembeni iko chini ili maji yatoke. Ukiongeza na mteremko, katikati maji yanabaki kama utando mwembamba tu juu ya kokoto. Ule utando hauakisi kama kioo. Kila kokoto imeinama upande wake kwa hiyo taa moja inavunjikavunjika na kuwa mfereji mrefu wa rangi unaokujia wewe uliyesimama, mrefu kwenda chini lakini upana wake ni uleule karibu na wa taa. Maandishi huwezi kuyasoma humo. Dimbwi ndilo linalotoa taswira kamili yenye maandishi, na dimbwi ni pale maji yaliposimama tu.

Kwa hiyo unahitaji rifleksheni za aina 2 kwenye picha moja. Mifereji ya rangi kwenye lami yote, na vioo viwili vitatu vidogo, pembeni na kwenye lile shimo la dada.

---

mpigapicha_mwanga · saa 5:03 usiku

Dada wa Bangwe asante sana, nimepita pale maisha yangu yote sijawahi kulifikiria. Kesho asubuhi naenda kulipiga picha hilo shimo.

Mkuu naomba hatua basi, natumia Photoshop ya kompyuta.

---

fundi_wa_picha_Ujiji · Jumatano saa 12:40 asubuhi

Nimeamka mapema nikuandikie vizuri.

Usianze na rifleksheni, anza kuloweka lami. Lami iliyolowa ni nyeusi kuliko kavu kwa sababu mwanga ukishaingia kwenye maji sehemu yake inanaswa humo ndani hautoki tena. Ya kwako ni ya kijivu ina vumbi, ukiweka rifleksheni juu ya kijivu itaonekana kama rangi imemwagika. Tia Curves, maski iwe barabara peke yake, vuta katikati chini mpaka lami ikaribie weusi lakini kokoto bado uzione. Ule udongo wa pembeni tia Curves yake nyingine, shusha kidogo, ongeza Saturation kidogo.

Halafu kata kipande cha duka kwa mstatili, kuanzia paa mpaka mguu, Ctrl+J, halafu Edit > Transform > Flip Vertical, kishushe mguu ugusane na mguu. Ukuta wa duka unakwenda kwa mshazari kufuata barabara, kwa hiyo ukipindua mshazari unageuka upande wa pili, lazima utumie Skew uuinamishe mpaka mstari wa chini wa ukuta na mstari wa juu wa rifleksheni vilale pamoja urefu wote, siyo kwenye kona moja tu. Hii ndiyo hatua watu wanairuka. Leya iweke Screen, siyo Normal, kwa sababu rifleksheni inaongeza mwanga juu ya lami na kwenye Screen sehemu nyeusi zinapotea zenyewe. Rudia kwa kinyozi, jiko, boda.

Nakili kila leya mara 2, ile ya asili izime. Nakala ya kwanza ni ya mifereji: Filter > Blur > Motion Blur, Angle 90, Distance kwa picha ya upana huu anza na 150. Angle isiwe 0, ukifanya 0 inakwenda kulia na kushoto na hakuna barabara inayofanya hivyo. Nakala ya pili usiitie ukungu karibu kabisa, hiyo ya madimbwi, ifiche yote kwa maski nyeusi halafu fungua kwa brashi nyeupe pale tu maji yaliposimama. Kingo za dimbwi ziwe kali na zisiwe duara, zifuate kokoto.

Sasa ile habari ya Opacity. Siku mvua ikinyesha simama kando ya dimbwi uangalie chini kabisa miguuni kwako, unaona changarawe ndani ya maji, taswira yako hafifu sana. Ukiangalia wima namna ile maji yanarudisha kama asilimia 2 tu ya mwanga. Inua macho uangalie madimbwi yaliyo mita 20 mbele, hayo ni vioo vitupu na maji ni yaleyale. Kadiri unavyoyaangalia kwa kulala ndivyo yanavyorudisha zaidi. Kwa hiyo kwenye picha yako rifleksheni iwe na nguvu kule mbali na ipungue ikija chini ya picha karibu na miguu yako. Weka leya zote za rifleksheni kwenye kundi moja, maski yenye gradienti, juu kijivu cheupe, chini kijivu cheusi. Mimi hapo huwa naanzia kama asilimia 70 kule juu na naishia 25 chini.

Nyongeza ndogo ya mwisho, mifereji ukiiacha hivyo itakuwa laini mno kama hariri. Chukua kokoto za lami yenyewe uzitumie kama maski, au Filter > Distort > Displace kwa kutumia nakala ya kijivu ya lami uliyoihifadhi kama PSD. Humo kijivu cha katikati, 128, hakisogezi kitu, cheupe na cheusi ndivyo vinavyosukuma. Usizidishe, 8 mpaka 10 zinatosha.

---

Reli_ya_Kati · Jumatano saa 2:15 asubuhi

Mimi kwa mtazamo wangu mnapoteza muda, subirini Novemba mvua zianze mpige ya kweli. Au beba maji, ndoo 6 unamwaga mbele ya kamera, nishafanya pale nje ya stesheni kwa ajili ya picha za harusi na ikatoka nzuri, bi harusi anaonekana mara mbili. Hakuna Photoshop hapo.

---

fundi_wa_picha_Ujiji · saa 2:30 asubuhi

Ndoo inafanya kazi sana kwa picha ya mtu amesimama karibu, unahitaji eneo la mita 3 tu na kamera unaishusha chini karibu na ardhi. Nje ya stesheni pako tambarare maji yanatulia. Kwa mteremko wenye urefu wote ule ndoo 6 zitakuwa ziwani kabla hujafungua lenzi. Na kipindi kile chenye anga ya bluu kwa hapa kwetu ni kama dakika 20 tu baada ya jua kuzama, hatuna jioni ndefu.

---

Reli_ya_Kati · saa 2:41 asubuhi

Sawa ila bado ya kweli ni ya kweli. Picha ya mvua mwezi wa 7 mtu wa Kigoma akiiona atauliza mvua ilinyesha lini. Mimi nisingeiweka bila kuandika kwamba maji nimetengeneza.

---

mpigapicha_mwanga · saa 3:00 asubuhi

Hilo nitaliandika mkuu, sina nia ya kumdanganya mtu. Ila kusubiri Novemba siwezi, picha nataka niiprinti kubwa mwezi ujao.

---

Kasulu_Finest · saa 6:18 mchana

Basi na sisi wa simu mtusaidie, siyo wote tuna kompyuta. Hiyo ya kila kitu na mguu wake inawezekana Snapseed?

---

fundi_wa_picha_Ujiji · saa 7:05 mchana

Inawezekana ila kwa taa 2 au 3, siyo zaidi. Kwanza tengeneza nakala iliyopinduliwa: kwenye Rotate geuza kulia-kushoto halafu zungusha mara 2, ukimaliza juu imekuwa chini na kulia bado kulia, hifadhi. Fungua picha ya asili, Double Exposure, ongeza ile nakala, weka Lighten, isogeze kwa vidole mpaka mguu wa taa MOJA ukae sawa. Thibitisha. Halafu View edits, fungua ile hatua, chagua kalamu, paka kwa kidole pale tu taa hiyo inapoanguka kwenye lami. Rudia kwa taa inayofuata ukiisogeza upya kwa mguu wake. Skew ya ukuta humo hupati vizuri kwa hiyo shughulika na taa tu, kuta ziache.

Na ile Glamour Glow 80 ya picha nzima ndiyo inayokufanya picha ziwe na ukungu wa maziwa. Inang'arisha uso, ukuta, anga, kila kitu. Mng'ao wa usiku unatoka kwenye taa peke yake.

Kijana wa Mwanga na wewe una shida hiyohiyo. Mng'ao wako umefanya tyubu ya bluu iwe bluu mwanzo mwisho, kama kipande cha plastiki. Angalia taa yoyote ya rangi kwenye picha halisi ya usiku, katikati yake ni nyeupe au karibu na nyeupe kwa sababu kamera imezidiwa pale, rangi iko pembeni, kwenye ule moshi wa mwanga unaoizunguka. Ukipaka rangi katikati taa inazimika.

Fanya hivi: rifleksheni zikishakaa, unganisha kila kitu kwenye leya mpya kwa Ctrl+Alt+Shift+E. Tia Levels, vuta ile ya weusi kulia mpaka kama 180, zinabaki taa tu kwenye giza. Nakili mara 3, ile ya asili izime, Gaussian Blur ya kwanza 12, ya pili 60, ya tatu 220, zote Screen, kila inayokuwa kubwa ipunguzie Opacity. Moja peke yake inatoa duara lenye ukingo, tatu kwa pamoja zinaanza kali karibu na taa halafu zinafifia mbali kama mwanga wa kweli. Na ufanye baada ya rifleksheni, siyo kabla, maana mng'ao unatokea hewani na kwenye lenzi, kwa hiyo mfereji wa rangi barabarani nao unapata wake.

---

Mama_Saluni · saa 9:22 alasiri

Mwanangu asante kwa kunijibu habari ya taa, nimemuuliza yule mtu kumbe ni LED kweli, amenipunguzia. Ila na mimi niseme kitu. Yule kinyozi namfahamu, taa yake ni kijani. Kwenye picha yako imekuwa kama waridi. Mtu akiiona hiyo picha akaja kumtafuta atatafuta waridi. Mimi ningekuwa mwenye duka ningetaka taa yangu ibaki rangi niliyoilipia.

---

mpigapicha_mwanga · saa 9:40 alasiri

Mama hapo umenigusa, sikuikusudia. Ni ile Highlights Hue 310, imekula kijani chote. Wakuu hili la rangi nalirekebishaje bila kupoteza mazingira ya neoni?

---

fundi_wa_picha_Ujiji · saa 10:10 alasiri

Saturation 60 pande zote mbili ndiyo imefanya hivyo. Pale Color Grading inamwaga rangi moja juu ya kila kilicho na mwanga bila kuuliza ni cha nani. Na siyo kinyozi tu, angalia moto wa mama wa samaki umekuwa waridi na uso wake umekuwa zambarau. Mkaa ukiwaka ni rangi ya chungwa, kila mtu anajua hilo tangu utotoni, na hapo ndipo picha ilipokuwa na uhai.

Mimi ningeweka Shadows Hue 225, Saturation 25, hiyo inakupa usiku wa bluu. Highlights Hue 315 lakini Saturation 10 tu. Balance ivute upande wa Shadows ili bluu ichukue nafasi kubwa zaidi. Halafu kile kijani na kile chungwa vilinde kwa maski, usiviguse kabisa. Neoni inapendeza kwa sababu rangi zinapingana, chungwa la jiko dhidi ya bluu ya barabara ndiyo picha yako nzima. Zambarau unayoitaka itajitokeza yenyewe kule bluu ya tyubu inapokutana na wekundu wa taa za nyuma za magari.

Na kugredi kuwe mwisho kabisa, juu ya kila kitu, ili taa na rifleksheni yake vibadilike pamoja.

---

Kasulu_Finest · saa 10:33 alasiri

Hapo nakataa kaka. Mimi huwa nagredi KWANZA ndipo najua nataka picha ya namna gani, ukingoja mwisho unaweza ukafanya kazi ya masaa 3 halafu rangi isikubali.

---

fundi_wa_picha_Ujiji · saa 10:41 alasiri

Kugredi kwanza kwa kuangalia ni sawa, weka juu kama leya ya marekebisho, uizime na kuiwasha ukifanya kazi chini yake. Nisichokubali ni kuigandisha ndani ya picha kabla ya Screen.

---

Kasulu_Finest · saa 10:50 alasiri

Kwenye Snapseed leya za namna hiyo hakuna. Nitaendelea na yangu.

---

binti_wa_Bangwe · saa 12:05 jioni

Kaka wa Mwanga uliliona shimo?

---

mpigapicha_mwanga · Alhamisi saa 4:30 usiku

Nililiona dada, ni refu kama hatua mbili na nusu na limeinama kuelekea mtaroni, kwa hiyo dimbwi nimelipa umbo hilohilo, limeanzia pembeni limechongoka kwa juu.

Wakuu nimeweka toleo jipya. Nimefuata karibu yote. Lami nimeishusha, nimekata vipande 5, kila kimoja na mguu wake. Skew ya duka ilinisumbua karibu saa nzima, kona ya kulia ikikaa ya kushoto inaachia, mwisho nikagundua nilikuwa naupima ukuta kwenye kibaraza tena badala ya lami. Kijani kimerudi. Moto umerudi. Nimempelekea mama wa samaki jioni hii, ameangalia, kitu cha kwanza alichosema ni "leo mvua imenyesha lini", halafu akacheka alipoona moto wake.

Tatizo jipya, niliipeleka kwenye kundi la wasap na anga juu ya Mwanga ikatoka na mistari mistari kama ngazi, kwenye kompyuta haipo.

---

fundi_wa_picha_Ujiji · saa 4:48 usiku

Kazi nzuri sana kijana, sasa ile taa ya kijani inanifanya nitake kukanyaga maji.

Ile mistari ni kwa sababu anga ya giza inabadilika polepole sana na JPEG ina ngazi 256 tu kwa kila rangi, halafu wasap inabana zaidi. Ule mng'ao wa 220 ndio unaoileta. Hakikisha faili lako lote liko 16 Bits/Channel tangu mwanzo, na kabla ya kutoa JPEG tia Add Noise, Gaussian, Monochromatic, asilimia 2. Punje zinavunja ngazi. Ukituma tuma kama dokumenti, siyo kama picha. Kwa kuprinti usiwe na wasiwasi, peleka TIFF.

---

Reli_ya_Kati · saa 4:55 usiku

Nimeangalia. Lazima nikubali lami imekaa. Ila kuna kitu, barabara inapanda, siyo meza. Kioo kilichoinama hakipindui kitu wima kabisa, rifleksheni zote zingetakiwa ziegemee kidogo. Hizo hesabu za mguu ni za tambarare.

---

fundi_wa_picha_Ujiji · saa 5:06 usiku

Uko sahihi, kwenye barabara inayopanda mbele yako taswira inaegemea kwenda mbali na wewe. Ila kwa mteremko kama ule ni kidogo sana, na mifereji imevutwa pikseli 150 huwezi kuona tofauti. Mimi nimeipuuza makusudi.

---

Reli_ya_Kati · saa 5:12 usiku

Kwenye mifereji sawa. Kwenye lile dimbwi lenye taswira kali mimi naiona.

---

fundi_wa_picha_Ujiji · saa 5:20 usiku

Maji ya dimbwi mkuu hayafuati mteremko, yakisimama yanajisawazisha yenyewe. Dimbwi ndilo mahali pekee hesabu ya mguu iko kamili.

---

binti_wa_Bangwe · saa 5:31 usiku

Mmeshangilia wote ila ile boda imepaki kando kabisa ya dimbwi, taa yake ya nyuma nyekundu inawaka, na kwenye maji hakuna nyekundu.

---

mpigapicha_mwanga · saa 5:38 usiku

Nimeiona dada. Niliukata mwili wa boda nikaiacha taa nje ya mstatili. Tairi linagusa chini mstari wa 2710, taa iko 2480, kwa hiyo inaangukia 2940, ndani ya dimbwi kabisa. Naifungua tena sasa hivi.